Halmashauri Inapokopa kwa Mali Kauli

Ukisoma sheria peke yake utaamini kwamba halmashauri haiwezi kudaiwa kuliko bajeti yake. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, Sura 290, inataka matumizi ya halmashauri yafuate makisio yaliyopitishwa. Makisio hayo hujadiliwa na Baraza la Madiwani, yakapanda mkoani, yakafika TAMISEMI na mwishowe bungeni. Yakirudi, kila shilingi imeshapewa kasma yake: hii ya shajala, hii ya matengenezo, hii ya posho za vikao. Mweka hazina ana mfumo wa kompyuta unaojua salio la kila kasma, na mkurugenzi, ambaye ndiye Afisa Masuuli, anaweza kuitwa Dodoma kujieleza mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Hata hivyo, fungua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu serikali za mitaa, ya mwaka wowote unaoutaka, na utakutana na madeni ya wazabuni, wakandarasi na watumishi. Kuna waliouza karatasi, waliopeleka chakula shule za bweni na waliofunga milango ya zahanati. Wengine wamesubiri hadi mkurugenzi aliyewapa kazi amehamishwa na aliyemfuata naye amehamishwa.

Watu wengi huishia kusema ni wizi. Wizi upo, lakini ukiushikilia peke yake hutaelewa kwa nini deni linakua hata pale ambapo hakuna aliyeiba kitu. Inabidi kufuata njia ambayo ununuzi unapita, kutoka dokezo hadi benki, na kuangalia mlango uko wapi na nani anauzunguka.

Tuanze na njia iliyonyooka. Idara inahitaji rimu za karatasi. Mkuu wa idara anaandika dokezo, mkurugenzi anaidhinisha, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kinampata mzabuni. Kisha inatolewa LPO, hati ya kuagizia bidhaa. Siku hizi LPO inatakiwa itoke ndani ya mfumo. Zamani ulikuwa Epicor, sasa ni MUSE, yaani Mfumo wa Ulipaji Serikalini. LPO ya shilingi milioni 5 ikiidhinishwa, mfumo unaiondoa milioni 5 kwenye salio la kasma ya shajala papo hapo, kabla rimu hata moja haijashushwa. Fedha hiyo haijalipwa, ila imefungwa, na mwingine hawezi kuiagizia kitu kingine. Kasma ikiwa imebaki na milioni 3, LPO ya milioni 5 inagoma kutoka.

Baada ya hapo bidhaa zinaletwa, zinakaguliwa, mwenye stoo anaziingiza kwenye leja, mzabuni anawasilisha ankara, inaandaliwa hati ya malipo na fedha inakwenda benki.

Kizuizi kiliwekwa pale kwenye LPO kwa sababu maalumu. Mtu anayetaka kuzuia deni kwenye hatua ya malipo amechelewa. Bidhaa zikishapokelewa na kutumika, halmashauri inadaiwa, mfumo ukubali usikubali. Ukimnyima mzabuni hundi hujapunguza matumizi hata kidogo. Umeyahamishia kwenye shingo ya mzabuni. Kwa hiyo mahali pekee pa kusema hapana ni kabla ya kuagiza. Hilo ndilo wahasibu wanaloliita udhibiti wa ahadi za matumizi, na kwa maandishi ni zuri mno.

Sasa tuchukue halmashauri moja ya wilaya, ya kubuni, na kasma yake moja tu ya shajala na uchapishaji. Imetengewa shilingi milioni 48 kwa mwaka kutoka mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, ushuru wa masoko na stendi, leseni na mengineyo. Mwezi Julai inatoka LPO ya milioni 20. Desemba inatoka nyingine ya milioni 20, na Machi ya mwisho, milioni 8. Jumla milioni 48 kamili. Mfumo umekubali zote tatu bila kulalamika, na haukukosea, kwa kuwa kila moja ilikuwa na salio lake.

Tatizo ni kwamba ile milioni 48 ilikuwa makisio. Mapato ya ndani ya mwaka ule yamefikia asilimia 70, na kasma ya shajala ikapata asilimia 70 yake, sawa na milioni 33.6. LPO ya kwanza ikalipwa yote. Ya pili ikalipwa milioni 13.6, zikabaki milioni 6.4. Ya tatu haikulipwa hata senti. Kufikia Juni 30 halmashauri inadaiwa milioni 14.4, na hakuna aliyevunja kanuni hata moja. Mlango ulikuwa unalinda salio la bajeti. Haukuwa unalinda fedha iliyopo benki, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ningependa msomaji akae hapo kidogo, maana ndipo mazungumzo mengi kuhusu madeni yanapopotea njia. Tunapewa habari kwamba mfumo mpya umefungwa na sasa hakuna atakayeagiza nje ya bajeti. Vema. Lakini bajeti yenyewe ikiwa imetiwa chumvi, mfumo utaisimamia chumvi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Utaruhusu LPO za milioni 48 kwenye mwaka wenye fedha ya milioni 33.6, kila mwaka, bila kosa la kompyuta.

Na chumvi inatiwa na nani? Mara nyingine halmashauri yenyewe, maana makisio makubwa ya mapato ndiyo yanayowezesha kila kata kupata darasa na kila idara kupata gari kwenye karatasi. Ni vigumu kwa diwani kurudi nyumbani na kusema tumekisia kwa uangalifu. Mara nyingine hasara inatoka juu. Mwaka 2017 ni mfano unaofaa kukumbukwa. Halmashauri zilikuwa zimeshapitisha bajeti zao miezi kadhaa kabla. Mwezi Juni, katika hotuba ya bajeti ya Serikali, ikatangazwa kwamba ushuru wa mazao unashuka kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alishukuru, na alikuwa na haki ya kushukuru. Lakini fikiria halmashauri iliyokuwa imekisia bilioni 1 ya ushuru wa mazao ya biashara kwa kiwango cha asilimia 5. Kwa asilimia 3 inapata milioni 600, hata kama hakuna gunia moja lililopungua ghalani. Kipindi hicho hicho ukusanyaji wa kodi ya majengo nao ulihamishiwa TRA. Bajeti ya matumizi ikabaki pale pale, kasma zikabaki na salio zake, na mifumo ikaendelea kutoa LPO.

Turudi kwenye mfano wetu, kwa sababu mwaka wa kwanza haujaisha. Ilikuwa LPO ya Machi ndiyo iliyomaliza kasma. Aprili kuna kikao cha Baraza, na kikao hakifanyiki bila makabrasha. Kila diwani anataka lake, lenye taarifa za kamati zote, kurasa mia na kitu, limejalidiwa. Toka lini kikao cha Baraza kikaahirishwa kwa sababu kasma ya shajala imekwisha? Ofisa anayehusika anajaribu kutoa LPO, mfumo unagoma. Anachukua simu.

"Mzee, shikamoo. Tunaomba utusaidie makabrasha ya Alhamisi. LPO itafuata."

"Marahaba. Zile za Desemba je, kijana wangu?"

"Zipo mezani kwa mweka hazina, Mzee. Usiwe na wasiwasi."

Mzee mwenye duka la uchapishaji anajua LPO haitafuata wiki hii. Anajua pia kwamba akikataa, mwenzake wa ng'ambo ya barabara atakubali, na hesabu yake ya Desemba itashushwa chini ya mafaili. Anachapa. Kati ya Aprili na Juni simu kama hizo zinafika milioni 9. Hii ndiyo mali kauli, biashara ya kuaminiana ambayo kila mwenye duka Tanzania anaifahamu, isipokuwa kwamba hapa anayekopa hana mamlaka ya kukopa, na deni halikuandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la Mzee.

Kwa hiyo mwaka unafungwa na deni la milioni 23.4: milioni 14.4 zenye LPO na milioni 9 zisizo na LPO. Sheria imetii kwa sehemu moja na imevunjwa kwa sehemu nyingine, lakini wote wawili, mwenye LPO na asiye nayo, wanasubiri kwenye benchi moja pale korido ya uhasibu.

Mwaka wa pili ndio unaonifanya niamini kwamba tatizo hili lina mtambo wake wenyewe. Kasma mpya ni milioni 48 tena, kwa sababu ukomo wa bajeti haukupanda. Halmashauri haikuweka kasma ya kulipa madeni ya nyuma, kwani kuiweka ni kukiri mbele ya Baraza na mbele ya mkoa. Wazabuni wanabisha hodi tangu Julai, na milioni 23.4 zinalipwa kutoka kasma ya mwaka huu. Mfumo unabaki na salio la milioni 24.6 kwa ajili ya mwaka mzima. Matumizi halisi ya ofisi, tunajua sasa, ni milioni 57: zile 48 na zile 9 za simu. Wanafunzi hawajapungua, vikao havijapungua. Ina maana LPO halali zitakwisha kabla ya nusu ya mwaka, na milioni 32.4 zitaagizwa kwa simu.

Angalia kilichotokea. Mwaka wa kwanza biashara ya nje ya mfumo ilikuwa milioni 9. Mwaka wa pili imefika milioni 32.4, bila ofisa yeyote kuwa mbaya zaidi kuliko mwaka jana. Kizuizi kimebana, deni la zamani limekula nafasi, na kazi iliyobaki imetafuta dirisha. Fedha iliyopatikana ni ile ile milioni 33.6, ikitoa deni la zamani, zinabaki milioni 10.2 za kulipia ununuzi wa milioni 57. Juni 30 ya pili deni ni milioni 46.8.

Mwaka wa tatu hauhitaji simulizi ndefu. Deni la milioni 46.8 linakabili kasma ya milioni 48. Kwa karatasi, mwaka mzima wa shajala una milioni 1.2. Kwa fedha taslimu, milioni 33.6 hazitoshi hata kulipa ya zamani. Ununuzi wa mwaka ukiendelea kwa kiwango kile kile, deni linafunga kwa milioni 70.2, na hapo halmashauri inadaiwa na wauza karatasi kuliko bajeti yake nzima ya karatasi. Hatujataja rushwa mahali popote.

Nikiongeza rushwa, hesabu inaharibika zaidi, na njia yake ni rahisi. Fedha ikiwa ndogo na madai yakiwa mengi, anayeamua nani alipwe kwanza ameshika kitu cha thamani. Mzabuni wa wilayani anajua kwamba dai lisilofuatiliwa halitembei. Kufuatilia kunaanza kwa nauli na vocha za simu, na wakati mwingine hakuishii hapo. Utaratibu wa kulipa kwa kufuata tarehe ya ankara, ya zamani kwanza, ni dawa rahisi sana ya jambo hili, na sijui kwa nini orodha yenye tarehe haibandikwi kwenye ubao wa matangazo kama zinavyobandikwa nafasi za kazi.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye orodha ya madeni, nayo imejificha kwenye bei. Mwenye duka aliyesubiri miezi kumi na minne si mjinga. Rimu anayomuuzia mteja wa taslimu kwa 12,000, tuseme, ataiandika 16,000 kwenye zabuni ya halmashauri, na ile 4,000 ni riba yake ya kusubiri. Kama amesajiliwa VAT hali yake ni mbaya zaidi. Akitoa ankara ya bidhaa za milioni 10, VAT ya asilimia 18 ni milioni 1.8, na kodi hiyo inaweza kudaiwa kwenye ritani ya mwezi unaofuata ilhali halmashauri haijamlipa chochote. Anaikopesha Serikali bidhaa kwa mkono mmoja na kuilipa Serikali kodi ya bidhaa hizo hizo kwa mkono wa pili. Wenye mitaji midogo hufilisika na kuondoka. Wanaobaki ni wale wenye uwezo wa kusubiri, na hao ndio wanaojua kuandika 16,000.

Si kila deni linapita kwenye LPO, na hili linawasumbua hata wanaosimamia mifumo. Mwalimu akipewa barua ya uhamisho kwa manufaa ya umma, anastahili nauli, kusafirishiwa mizigo na posho ya kujikimu. Deni limezaliwa na barua. Ofisa utumishi aliyeisaini hakuhitaji kuuliza salio la kasma. Ndivyo ilivyo pia kwa mkataba wa jengo unaovuka mwaka wa fedha: bajeti inatengwa kwa mwaka mmoja, ujenzi unakwenda miaka miwili, na hati ya mkandarasi ikija Agosti inakuta kasma imefungwa Juni 30. Umeme nao ulikuwa hivyo hivyo, unatumia kwanza na ankara inakuja baadaye, hadi mita za LUKU zilipoingia. Ofisi iliyofungiwa LUKU haiwezi kulimbikiza deni la umeme hata ikitaka, kwa vile uniti zikiisha taa zinazima. Sijaona udhibiti wa ahadi za matumizi mkali kuliko huo, na hauhitaji waraka wa Hazina kuutetea.

Mkaguzi anajuaje kwamba halmashauri imeagiza kwanza na kutafuta karatasi baadaye? Tarehe zinasema. Anachukua LPO, anachukua hati ya kupokelea mali, anaweka sambamba. Bidhaa zikiwa zimepokelewa Mei 12 na LPO imetolewa Julai 6, ile LPO haikuagiza kitu. Imetengenezwa ili kuhalalisha malipo. Ishara ya pili ni mrundikano. Halmashauri ambayo LPO zake nyingi za mwaka zimetolewa wiki mbili za kwanza za Julai, kwa bidhaa zisizolingana na mahitaji ya Julai, inalipa makabrasha ya Aprili. Ya tatu ni kasma inayokauka mapema mno. Shajala ya mwaka mzima ikiisha Septemba, ama watumishi wamekula karatasi, ama bajeti ya mwaka huu imemezwa na matumizi ya mwaka jana.

Kwa mzabuni, ishara iko mkononi mwake. LPO iliyotoka kwenye mfumo ina namba ya mfumo na imetanguliwa na kufungwa kwa fedha. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono kutoka kitabu cha LPO, au ujumbe wa simu, au "mkurugenzi amesema", haijafunga fedha yoyote. Akileta bidhaa kwa hiyo, awe anajua kwamba amekuwa mkopeshaji.

Madeni yakishalundikana, Serikali huagiza yahakikiwe kabla ya kulipwa, na kazi hiyo kwa Tanzania imekuwa ikifanywa na Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali pamoja na wakaguzi wa ndani wa taasisi zenyewe. Wazabuni huchukia uhakiki kwa sababu unaongeza miezi. Lakini si ujanja wa kuchelewesha tu. Kenya walipofanya ukaguzi maalumu wa madeni ya serikali za kaunti hadi Juni 30, 2018, zilizowasilishwa zilikuwa takriban shilingi bilioni 89 za Kenya. Mkaguzi Mkuu wao alikubali takriban bilioni 51 kuwa zinastahili kulipwa. Zaidi ya bilioni 37 hazikuwa na nyaraka za kutosha. Ndani ya hizo 37 bila shaka wamo walaghai walioandika ankara hewa. Wamo pia, naamini, akina Mzee wa makabrasha, waliofanya kazi kweli na hawana karatasi, kwa kuwa waliombwa kwa simu. Ukaguzi wa nyaraka hauna namna ya kuwatenganisha.

Basi kifanyike nini? Watu wa mifumo watasema banza zaidi: LPO isitoke mpaka fedha iwe benki, au ukomo wa kuagiza uwekwe kila robo mwaka kwa kufuata makusanyo ya robo iliyopita. Nakubaliana nao nusu. Kwa mfano wetu, ukomo wa robo ungeonyesha tangu Oktoba kwamba mwaka huu ni wa milioni 33.6, na LPO ya Desemba ingetolewa kwa milioni chache. Deni la kwanza, lile la milioni 14.4, lisingezaliwa. Hapo mkurugenzi angelazimika kuchagua mapema: makabrasha yatumwe kwa simu janja badala ya kuchapwa, au vikao vipungue, au kasma nyingine ikatwe kwa kibali cha kuhamisha fedha.

Nusu nisiyokubaliana nayo ni hii: kizuizi kikali juu ya bajeti ya uongo kinazalisha simu nyingi zaidi. Tumeliona kwenye mwaka wa pili. Mahali ambapo kazi haiwezi kusimama na fedha haipo, ofisa atakopa kwa mdomo, na kila ukibana mfumo ndivyo deni linavyohamia mahali ambapo mfumo haulioni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni makisio ya mapato yanayofanana na makusanyo ya miaka iliyopita. Ya pili ni kuweka kasma ya madeni waziwazi ndani ya bajeti mpya, hata kama inaaibisha, ili matumizi ya mwaka yajulikane ni kiasi gani hasa. Baada ya hizo mbili ndipo kubana LPO kunapokuwa na maana.

Wapo wanaopendekeza kwamba mzabuni aliyetoa bidhaa bila LPO asilipwe kabisa, ili wengine wajifunze. Kisheria inapendeza. Wilayani haitekelezeki, kwa maana halmashauri ni mteja mkubwa wa mji mdogo na mwenye duka hana ubavu wa kumkatalia. Anayepaswa kubanwa ni aliyepiga simu, na jina lake linajulikana.

Jambo la mwisho linahusu taarifa anayopewa diwani. Kila robo ya mwaka kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hupokea taarifa ya mapato na matumizi. Jedwali likiwa na safu za bajeti, matumizi, salio na asilimia tu, na matumizi yakihesabiwa kwa fedha iliyokwisha kulipwa, kasma yetu ya shajala kwa mwaka wa kwanza ingesomeka hivi: bajeti milioni 48, matumizi milioni 33.6, asilimia 70, salio milioni 14.4. Diwani anayesoma haraka ataipongeza idara kwa kubana matumizi. Halmashauri hiyo hiyo, siku hiyo hiyo, inadaiwa milioni 23.4.

Jedwali lingehitaji safu mbili zaidi: LPO zilizotolewa na hazijalipwa, na bidhaa zilizopokelewa bila LPO. Ya kwanza mfumo unaitoa kwa kubonyeza. Ya pili haimo kwenye mfumo wowote, na namna ya kuipata ni mkaguzi wa ndani kumwandikia kila mzabuni barua fupi mwisho wa robo, akimwomba ataje anachoidai halmashauri, kwa tarehe na kwa jina la ofisa aliyeagiza.